Mabeseni ya boti au ya kwangu? Kulijibu swali la uhalali na uthabiti

Ninyi mnaoanza kozi ya mbinu za utafiti mtakutana na swali hili, kwa sura moja au nyingine, kabla mwaka haujaisha. Mimi nililikuta katika mtihani wa mwaka wa pili, hapa Kigoma, nikaandika kurasa mbili za fasili na kuambulia alama 5 kati ya 20. Swali lilikuwa hivi, kwa kadiri ninavyolikumbuka:

Mtafiti aliandaa hojaji ya kupima kipato cha wavuvi wa dagaa. Swali lake kuu lilikuwa: "Usiku wa jana boti yako ilileta mabeseni mangapi?" Aliwahoji wavuvi 40, akawarudia walewale baada ya siku tatu, akapata uwiano wa 0.91 kati ya majibu ya awali na ya marudio. Akahitimisha kwamba hojaji yake ni halali. Jadili.

Kosa langu lilikuwa kuanza na maneno badala ya kuanza na ile 0.91. Jiulizeni kwanza namba hiyo imetoka wapi. Imetoka katika kulinganisha majibu ya hojaji na majibu ya hojaji ileile, na kwa kuwa iko karibu na 1, inasema kwamba majibu hayo yanafuatana sana. Hakuna kitu kingine chochote kilichoingia katika hesabu: hakuna daftari la mauzo, hakuna fedha iliyohesabiwa mbele ya mtafiti, hakuna hata mke wa mvuvi aliyeulizwa nyumbani wanaishije. Namba iliyotokana na chombo kujilinganisha na chenyewe inaweza kutuambia kwamba chombo hakiyumbi, na huo ndio uthabiti, ambao baadhi ya wahadhiri huuita kuegemeka. Haiwezi kutuambia kama kinachopimwa ndicho kilichokusudiwa, na hilo ndilo suala la uhalali. Kwa hiyo hitimisho la mtafiti limeruka kutoka jambo moja hadi jingine, na mkiisha kulisema hilo kwa sentensi mbili au tatu mmekwisha kugusa kiini cha swali. Fasili zitajitokeza zenyewe humo ndani.

Alama zilizobaki ziko katika kuonyesha ni kwa namna gani swali la mabeseni halipimi kipato, na hapo ndipo wengi huandika "swali si halali" na kuhamia swali linalofuata. Chukueni mfano wenye namba za kubuni. Tuseme boti imeleta mabeseni 10, kila beseni limeuzwa shilingi 40,000, jumla ni 400,000. Mafuta na chakula cha usiku vimekula 100,000. Zinazobaki, 300,000, zinagawanywa nusu kwa mwenye boti na nusu kwa wavuvi watano. Mwenye boti anaondoka na 150,000, na kila mvuvi anaondoka na 30,000. Mkiwauliza wote sita swali la hojaji, wote watajibu kumi, kesho boti ikileta kumi tena watarudia kumi ileile, na majibu yao yatakubaliana kwa namna inayompendeza mtafiti. Sasa wekeni kando yao mtu mwenye kiboti chake mwenyewe aliyeleta mabeseni 3: kapata 120,000, katoa gharama 40,000, kawapa wasaidizi wawili 20,000 kila mmoja, na kabaki na 40,000. Hojaji inamweka chini ya yule mvuvi wa boti kubwa, ilhali mfukoni amemzidi kwa 10,000. Chombo hakijakosea kiasi tu. Kimegeuza hata mpangilio wa nani ana zaidi.

Hilo la mpangilio ni la kuzingatia kwa sababu wahadhiri wengi hufundisha mada hii kwa mfano wa mizani inayozidisha nusu kilo kila mara. Mfano ule si mbaya, lakini mimi naona umetupotosha wengi. Mizani ya namna hiyo inarekebishika, kwani ukishajua inazidisha kiasi gani unapunguza nusu kilo na mambo yanaisha, na hata usipopunguza, mzigo mzito bado utaonekana mzito kuliko mwepesi. Hojaji yetu haina kiasi unachoweza kupunguza. Imeuliza kuhusu boti wakati mtafiti alitaka kujua kuhusu mtu.

Kuna mtego wa pili katika swali, nao ni zile siku tatu. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hufanya kazi usiku wa giza, kwa kuwavuta samaki kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika kwa sababu mwanga wa taa hauna nguvu mbele ya mbalamwezi. Mzunguko wa mwezi ni takriban siku 29 na nusu. Mtafiti aliyerudi baada ya siku tatu alibaki katika giza lilelile, yaani kipindi kilekile cha usiku usio na mbalamwezi, lakini angerudi baada ya wiki mbili, kama vitabu vingi vinavyopendekeza, angeweza kuwakuta wavuvi 40 wakijibu sifuri, na majibu yote yakifanana, uwiano haukokotoleki kabisa. Msiandike hapo kwamba hojaji imekosa uthabiti. Kipimo cha kurudia kinadai kwamba jambo linalopimwa lenyewe halijabadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili, na mavuno ya usiku mmoja hubadilika. Halafu jihadharini na upande wa pili wa jambo hilohilo: kama mavuno ya kila boti yangeshuka hadi theluthi, uwiano ungebaki juu vilevile, kwa kuwa uwiano hauangalii viwango vimeshuka kiasi gani, bali kama waliokuwa juu wamebaki juu.

Wengine humalizia kwa kusema kwamba hojaji inaweza kuwa na uhalali bila uthabiti. Liacheni. Majibu yanayorukaruka kwa bahati nasibu hayawezi kufuatana vizuri na kitu chochote, kikiwemo kipato halisi.

Mwaka uliofuata nililipeleka swali lilelile la mabeseni kwenye mwalo wa Kibirizi, kwa ajili ya mazoezi ya darasa, kabla sijalirekebisha. Mzee wa kwanza niliyemuuliza alikuwa anashona nyavu, wala hakuinua macho. Akaniuliza, "Mwanangu, unasema mabeseni ya boti au ya kwangu?" Ile ilikuwa tathmini ya uhalali iliyofanywa kwa pumzi moja na mtu anayeijua kazi, na ndiyo njia ya kwanza ya kuutafuta: wapeni hojaji wanaoishi ndani ya jambo, kabla ya kukokotoa chochote. Njia ya pili ni kulinganisha majibu na kitu kilicho nje ya hojaji, na pale mwaloni kitu hicho kilikuwa daftari ambamo msimamizi wa boti huandika mauzo na mgao.

Swali nililoliandika upya lilisomeka: "Katika giza lililopita, baada ya kutoa mafuta na chakula, wewe mwenyewe uliondoka na shilingi ngapi kwa jumla?" Majibu yake yalikaribiana zaidi na daftari. Yalikuwa pia yanayumba kuliko ya mabeseni, kwa sababu mtu hukumbuka vizuri mavuno ya jana kuliko fedha za wiki tatu zilizopita, alizokwisha kuzigawa kwa duka, karo na madeni. Nilipowarudia baadhi yao baada ya siku nne, wawili walinitajia kiasi kingine kabisa, na mmoja wao akaniambia kwamba mara ya kwanza alisahau kuhesabu dagaa wa kitoweo.