CV ya ukurasa mmoja: acha kuandika majukumu, andika ulichofanya

Habari zenu. Nimefanya kazi ofisi ya HR hapa Dar kwa muda mrefu kwenye makampuni ya usambazaji, na kazi yangu kubwa imekuwa kuchuja CV, kwa hiyo leo naongea na wewe unayetafuta kazi kampuni binafsi, nafasi kama mhasibu msaidizi, stoo, keshia, afisa mauzo, hizi nafasi ambazo tangazo likitoka leo mpaka kesho kutwa imeili imejaa.

Kosa ninalotaka tuliongelee ni moja tu, maana ndilo nakutana nalo kuliko mengine yote. Mtu kafanya kazi sehemu, halafu chini ya jina la kampuni anaandika majukumu. "Kuandaa invoisi. Kutunza kumbukumbu za stoo. Kuhudumia wateja. Kufanya kazi nyingine kadri atakavyopangiwa na msimamizi wake." Hiyo ya mwisho ikifika mezani kwangu naijua hapohapo, hayo ni maneno ya tangazo la kazi, ndo maana yanasema "atakavyopangiwa" wakati mwenye CV anajieleza yeye mwenyewe. Tangazo linasema mtu wa nafasi ile anatakiwa afanye nini. Halisemi wewe ulipokaa pale ulifanya nini. Watu wawili waliokaa kwenye kiti kimoja, mmoja alikuwa anachapa kazi kwelikweli na mwingine anasogeza siku, wakiandika majukumu CV zao zinafanana neno kwa neno, na mimi ninayesoma sina namna ya kuwatofautisha.

Na najua inatokea wapi. Wengi mnaenda steshenari, kijana wa pale ana CV ya mtu mwingine kwenye kompyuta, anafuta jina anaweka lako, anabadilisha shule na namba ya simu, yale majukumu yanabaki au anachukua mengine kwenye tangazo la zamani. Unalipa unaondoka na kurasa tatu zilizojaa lakini wewe mwenyewe haumo.

Kipimo cha kujua kama umeangukia hapo ni rahisi sana. Funika jina lako juu, chukua mstari mmojammoja wa uzoefu wa kazi, jiulize je huu mstari naweza kumpa mwenzangu yeyote aliyewahi kufanya kazi kama yangu na ukamtosha vilevile? Ukimtosha, huo ni wa majukumu, uandike upya.

Sasa nioneshe inavyofanyika kwa mtu kabisa. Kuna dada mmoja mtoto wa jirani yetu, ana diploma ya uhasibu, alifanya fildi halmashauri halafu akapata kazi kwenye hadiwea moja ya jumla Kariakoo, kakaa miaka miwili. Akaniletea CV kurasa tatu, kwenye hadiwea kaandika ile mistari minne niliyoitaja hapo juu. Nikamwambia dada weka hiyo karatasi pembeni, nisimulie siku yako dukani kuanzia unafungua mpaka mnafunga. Akaanza kuongea, na mimi naandika kwenye daftari.

Nikamuuliza invoisi ulikuwa unatoa ngapi kwa siku? Akasema inategemea, siku ya kawaida arobaini, mwisho wa mwezi zinafika sitini. Na jioni? Jioni anatoa ripoti ya Z kwenye mashine ya EFD, analinganisha na hela ya droo na miamala ya simu, ikipishana haondoki mpaka ijulikane imepishania wapi. Unaona? Hiyo kitu kwenye CV haikuwepo kabisa, na mimi nikiwa natafuta mhasibu msaidizi ndo kitu cha kwanza nakitaka.

Tukaja stoo, na hapa ndo palikuwa na utamu. Alikuta duka linahesabu mzigo mara moja tu kwa mwaka, mwisho wa mwaka, na kila mwaka rangi inaonekana imepungua, bosi anawashuku vijana wa stoo. Yeye akaanza kuhesabu kila Jumamosi vile vitu vinavyotoka haraka tu, rangi, misumari, nondo, akagundua kwamba rangi za lita nne zinaingia kwa katoni, katoni ina makopo manne, lakini anayepokea wakati mwingine anaandika katoni na wakati mwingine anaandika makopo, kwa hiyo kwenye leja "10" ya leo ni makopo kumi na "10" ya juzi ni makopo arobaini. Akatengeneza shiti ya Excel yenye safu mbili, moja katoni na moja makopo, inajumlisha yenyewe, na hesabu za Jumamosi zikaanza kukubaliana na rafu. Haya yote kwenye CV yake yalikuwa yameandikwa "kutunza kumbukumbu za stoo"! Kwa kweli niliumia, kwa sababu huyu ndo mtu ambaye kampuni inamtafuta na CV ilikuwa imemficha.

Na madeni. Mafundi na wenye maduka madogo wanachukua mzigo kwa mkopo, wanaandikwa kwenye kaunta buku, hakuna anayejua nani kakaa muda gani hajalipa. Akayahamishia kwenye orodha moja akayapanga kwa umri, ya chini ya siku 30, ya siku 30 mpaka 60, na yaliyopita 60, akawa anampa bosi orodha kila Jumatatu na bosi anaanza kupiga simu kwa wale wa mwisho.

Basi ile mistari minne tukaifuta, tukaandika hivi:

"Niliandaa invoisi 40 hadi 60 kwa siku, na kila jioni nililinganisha ripoti ya Z ya EFD na hela taslimu na miamala ya simu kabla ya kufunga."

"Nilianzisha hesabu ya kila wiki ya bidhaa zinazotoka haraka badala ya mara moja kwa mwaka, nikabaini chanzo cha upungufu wa rangi kwenye vitabu (katoni na makopo kuchanganywa kwenye leja) na kukirekebisha."

"Nilihamisha madeni ya wateja kutoka kwenye daftari kwenda Excel na kuyapanga kwa siku 30, 60 na zaidi, meneja aliitumia orodha hiyo kila wiki kufuatilia malipo."

Mistari mitatu tu. Angalia ilivyojengwa, kila mmoja unaanza na kitendo alichofanya yeye, unafuata ukubwa wa kazi au hali ilivyokuwa kabla, halafu kilichobadilika au nani aliitumia. Tangazo likiwa la Kiingereza na CV utaiandika kwa Kiingereza, mpangilio ni huohuo, ila anza kuusimulia kwa Kiswahili kwanza kama alivyofanya huyu dada, ukianza na Kiingereza moja kwa moja utajikuta umerudi kwenye yale maneno ya tangazo.

Naomba hapa mnisikilize vizuri, namba usitunge. Dada nilimuuliza upungufu ulishuka kwa kiasi gani akasema hakumbuki, kwa hiyo hatukuandika asilimia yoyote, tumeandika chanzo na alichorekebisha na inatosha. Kila mstari wa CV ni swali la intavyuu, mimi nikiona "nilipunguza hasara kwa asilimia 35" nauliza ulipimaje, hesabu ya mwanzo ilikuwa ngapi, na hapo waliotunga wanakwama. Pia mauzo ya bosi wako wa zamani ni siri yake, taja idadi ya invoisi au ya wateja, usitaje mamilioni aliyokuwa anaingiza.

Kuhusu ukurasa mmoja sasa. Karatasi ya A4 yenye fonti 11, ya kawaida kama Calibri au Arial, pembeni ukiacha sentimita mbili, inabeba mistari kama 45 hadi 50. Hiyo ndo bajeti yako. Jina na simu na imeili na eneo unalokaa, mistari miwili. Chini yake mistari miwili au mitatu ya wewe ni nani na unaomba nafasi gani. Uzoefu wa kazi uupe karibu nusu ya ukurasa, kazi ya karibuni ianze juu, na hapo uwe mkarimu maana macho yangu yanaenda hapo. Elimu mistari mitatu au minne, programu unazozijua miwili, na wadhamini wawili au watatu mwishoni, kila mmoja mstari mmoja wenye jina, cheo na simu, na uwe umeshawaambia kwamba watapigiwa.

Nafasi itapatikana ukitoa vitu ambavyo havinisaidii kuamua. Shule ya msingi toa. Dini, hali ya ndoa, urefu, toa. Yale maneno makubwa CURRICULUM VITAE katikati juu yanakula mistari mitatu bure, jina lako liwe ndo kichwa. Lile tamko la mwisho la kuapa kwamba maelezo yote ni ya kweli, na saini chini yake, toa, hapa kwenye kampuni binafsi sijawahi kumkataa mtu kwa kukosa hilo. Picha weka kama tangazo limeomba.

Ila ukiomba serikalini mambo ni tofauti. Kule unajaza taarifa zako kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, tangazo lenyewe linasema wanataka nini, vyeti gani, wadhamini watatu, fuata tangazo lilivyo hata kama CV itazidi ukurasa. Vivyo hivyo nafasi za chuo kikuu ambako wanataka orodha ya machapisho. Na mwenye uzoefu wa miaka kumi na zaidi kwenye ngazi ya meneja, kurasa mbili ni sawa.

We ambaye hujawahi kuajiriwa usiseme huna cha kuandika, una fildi. Huyo dada kwenye fildi halmashauri alikuwa kaandika "nilijifunza mambo mbalimbali ya uhasibu". Tulipokaa nikagundua kwa wiki nane alikuwa anapanga hati za malipo kwa namba na tarehe, akikuta hati haina saini au haina kiambatisho anairudisha idara husika kabla haijafika kwa mhasibu. Ukiandika hivyo hivyo kama nilivyosema sasa hivi ni mstari mmoja mzuri kabisa, na nafasi ya mhasibu msaidizi mtu anayekagua viambatisho bila kusukumwa anatakiwa sana.

Ukimaliza ihifadhi kama PDF, maana ukituma ya Word ikifunguliwa kwenye simu mistari inahama na ukurasa mmoja unageuka mmoja na nusu. Faili lipe jina lako na nafasi unayoomba, sio "CV mpya final 2", halafu jitumie mwenyewe kwanza, ifungue kwenye simu, isome bila kuikuza. Na ukipata nafasi mwombe ndugu ambaye hajui kazi yako aisome dakika moja tu kisha akuambie ulifanya nini kule ulikotoka, akijibu "ulikuwa mhasibu" rudi kwenye ile mistari, akijibu "ulikuwa unahesabu stoo kila wiki ukagundua tatizo la rangi" hiyo unaweza kuituma leo.