Njia ya nywele na paji la uso refu

"Nina komwe, na kila nikisukwa rasta huku Kampala huonekana kubwa zaidi. Nishushe nywele mbele au nibadilishe njia?"

Dada yangu, anza na njia. Jicho hupima paji kuanzia kwenye nyusi hadi pale nywele zinapoanzia, na njia ya katikati, kwa kuwa huacha mstari wa ngozi unaopanda moja kwa moja hadi utosini, hulifanya paji lionekane kana kwamba halina mwisho. Mwombe msusi aipige njia juu ya kilele cha nyusi moja na kuielekeza kwa mshazari nyuma, kisha rasta za upande mzito zilazwe zikivuka kona ya paji. Kona hiyo ikifunikwa, upana hupungua pamoja na urefu.

Nywele za kushusha mbele hufaa zikifika karibu na nyusi. Zikiishia katikati ya paji, huchora mstari unaoonyesha kilichobaki wazi. Kwa rasta, chache nyembamba zinatosha, kwa sababu nene husimama badala ya kulala.

Malaika za pembeni zilaze kwa jeli kidogo na mswaki laini, zikiinama kuelekea usoni, bila kuchora ukingo mkali. Usikubali zivutwe ndani ya rasta: ukiona vipele vyeupe au maumivu ukingoni, fumua, kwani mvuto wa kudumu hung'oa nywele hizo na kulirefusha paji kwelikweli.