Barua kwa Mwanangu: Pancha Moja Mbele ya Vijana

"Baba, nimeombwa nizungumze na vijana wa kikundi chetu kuhusu njia ndogo za kujipatia kipato bila kungoja ajira. Niwaambie nini ambacho si ndoto tupu?"

Mwanangu mpendwa,

Usiwatajie kazi kumi. Chukua moja ninayoijua, kuziba pancha za baiskeli, uifanye mbele ya macho yao. Beba tyubu iliyotoboka, beseni la maji, msasa, solusheni, viraka, pampu na vyuma viwili vya kuvulia tairi. Mtaji wa kuanzia karibu wote ni huo.

Ijaze tyubu upepo, izamishe, na panapotoka viputo pawekee alama. Ukishaikausha na kuitoa upepo, sugua kwa msasa mahali papana kidogo kuliko kiraka mpaka mng'ao wa mpira uishe, kisha paka solusheni nyembamba na usubiri dakika chache hadi isionekane tena imelowa. Hapo ndipo wanagenzi wangu walipokuwa wakiharibu, kwa sababu mteja amesimama na mkono unawasha. Lakini kiraka kilichobandikwa juu ya solusheni mbichi huinuka ukingoni tairi likishajazwa.

Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi kutafuta mwiba. Mteja akirudi jioni analalamika, usibishane naye, bali izamishe tyubu tena: viputo vikitoka chini ya kiraka, kosa ni la kazi yako, vikitoka kwenye tundu jipya karibu na lile la kwanza, yaelekea mwiba uliuacha ndani. Tyubu iliyochanika kwenye shina la valvu usiipokee, hata mteja akikusihi, maana kiraka hapo hakidumu.

Kuhusu fedha nitakueleza kosa langu mwenyewe. Juma la kwanza niliziba tyubu nyingi, nikatumia kila nilichopata, na solusheni ilipokwisha nikakaa siku tatu nikiwatazama wateja wakinipita. Tangu hapo, katika kila tyubu tano, malipo ya mbili yaliingia kwenye kopo la vifaa, na tatu ndizo zikawa zangu. Waambie pia kwamba zipo siku ambazo haiji hata pancha moja, na ndiyo maana nilijifunza kukaza breki na kunyoosha spoku, kazi ambazo hazitegemei miiba.

Tyubu yako ya mfano izibe mwanzoni mwa mazungumzo, uijaze upepo na kuiacha ndani ya beseni mpaka umalize kusema, wote wakiiona. Ikitoa viputo, bandua kiraka na uanze upya palepale mbele yao.

Ni mimi, baba yako.