Bati hupoa kiasi gani chini ya hewa usiku?

Swali: Mhandisi, nyumba yetu iko Dodoma na ina bati lililopakwa rangi. Mwezi wa saba, alfajiri, maji hudondoka ukingoni ilhali mvua haijanyesha. Nitakokotoaje bati limepoa kiasi gani kuliko hewa?

Jibu: Anza na anga, kwa sababu ndiyo inayopokea joto la bati lako. Mvuke wa maji na gesi nyingine za hewani hurudisha chini sehemu ya mnururisho, kwa hiyo anga tunaihesabu kama dari moja kubwa lenye joto lake, ambalo hutegemea hasa unyevu. Kanuni ya Berdahl na Martin ya mwaka 1984 inatumia kiwango cha umande, `Td`, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji, kwa nyuzi za Selsiasi, lakini joto la hewa, `Ta`, lazima liwe katika kelvini. Wengi hukosea hapo.

```
e = 0.711 + 0.56(Td/100) + 0.73(Td/100)^2
Tanga = Ta * e^0.25
```

Tuchukue usiku mkavu usio na mawingu, hewa ikiwa nyuzi 16, yaani kelvini 289, na kiwango cha umande nyuzi 10. Hapo `e`, yaani uwezo wa anga kutoa mnururisho, ni 0.774, na joto la anga, `Tanga`, ni kelvini 271, takribani nyuzi 2 chini ya sifuri. Anga imeizidi hewa kwa ubaridi wa nyuzi 18.

Bati haliwezi kushuka kote huko, kwa kuwa hewa inayoligusa hulipasha. Bati lenye rangi hutoa mnururisho kwa uwezo wa karibu 0.9, na katika joto hili hupoteza takribani wati 4.3 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja inayolitenganisha na anga. Usiku ulio shwari, hewa hulirudishia kama wati 6 kwa kipimo hichohicho. Mteremko basi ni 4.3 × 18 ÷ (4.3 + 6), yaani nyuzi 7.5, na bati hufika 8.5. Hiyo iko chini ya kiwango cha umande, ndiyo maana unaona maji. Umande ukishaanza kutunga hutoa joto lake, hivyo bati hubaki karibu na nyuzi 10 badala ya kufika 8.5.

Upepo ukivuma na wati hizo za hewa zikapanda kutoka 6 hadi 20, mteremko hubaki nyuzi 3 tu na bati hubaki kavu. Bati jipya la zinki linalong'aa, lenye uwezo wa 0.2, hushuka chini ya nyuzi 3 hata usiku ulio shwari. Mawingu mazito ya chini hupandisha joto la anga karibu na la hewa, na joto la chumbani likipenya darini, mteremko nao hupungua.

Ukitaka kuhakiki, gandisha kihisi cha kipimajoto kwenye bati kwa utepe uliopakwa rangi ileile. Usitumie kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali kwenye bati linalong'aa, kwani kitasoma kwa kiasi kikubwa taswira ya anga na kukuonyesha ubaridi usiokuwepo.