Kumwokoa aliye mtoni, wewe ukiwa nchi kavu

*Niko Mombasa kwa mafunzo, ila shule yangu iko kando ya Mto Tana, karibu na Garsen. Watoto wa gredi ya tano huteka maji na kuoga mtoni. Bwawa hatuna, na mimi mwenyewe sijui kuogelea. Niwafundisheje kuokoana bila kuingia majini?*

Mwalimu, mimi somo hili hulifundishia uwanjani, hapa Tudor, na hakuna anayelowa. Tafuta mtungi wa plastiki wa lita 5 na kamba ya mita 12 inayoelea. Ijaribu kwanza kwenye ndoo, maana ya katani hulowa ikazama. Funga kamba kwenye mkono wa mtungi, tia maji kama gilasi moja ili upepo usiupeperushe, kisha kaza kifuniko. Mtungi huo unatosha kumweka mtoto kichwa juu. Wa lita 20 huelea zaidi, lakini mtoto wa gredi ya tano hataurusha.

Chora mstari kwa jivu: huo ndio ukingo. Mwanafunzi mmoja akae mita 6 ng'ambo yake. Mrushaji akanyage ncha ya kamba, aubembeze mtungi kwa chini, aupitishe begani mwa mwenzake ili kamba imwangukie. Wengi mara ya kwanza husahau kukanyaga, na kamba yote huondoka na mtungi. Waache wakosee, watacheka na hawatasahau. Akikosa shabaha, asianze kukunja kamba upya. Aivute irundike miguuni, arushe tena. Kamba isifungwe mkononi wala kiunoni hata siku moja.

Mwenzake akishaishika, mrushaji alale kifudifudi, miguu kaipanua, ndipo avute. Anayevuta amesimama huishia majini; atakayevuka mstari mhesabu amekufa maji.

Kwa kuwa kwenu ni mto, siku ya pili yule wa majini atembee sambamba na mstari, kama anayechukuliwa na mkondo. Arushiwe anapokaribia kuwa mkabala na mrushaji. Akishapita, mtungi hautamfikia. Mtoni hasa, mrushaji asishindane na maji. Aikaze kamba tu, mkondo wenyewe utamsukuma yule hadi ukingoni, upande wa chini.

Kuna methali inayonisumbua: mfa maji haachi kutapatapa. Watoto hungoja kelele na marusho ya maji. Mtoto anayezama mara nyingi hupiga kimya, kwa sababu mdomo unaingia na kutoka majini na hewa ya kupiga ukelele hana. Kichwa kimelala nyuma, mikono inakandamiza maji pembeni, na huenda akazama ndani ya dakika moja. Waonyeshe umbo hilo ukiwa umesimama darasani. Akiitwa jina asiitike, mmoja arushe, mwingine akimbilie mtu mzima.

Tana ina mamba, kwa hiyo mazoezi yabaki uwanjani. Mtungi na kamba vitundikwe pale wanapotekea maji, juu ya ukingo, na umkabidhi mtu mzima wa hapo avitunze. Vikiachwa bila mwenyewe, mtungi utaenda kutekea maji.