Sukari kushuka usiku kwa mgonjwa wa figo anayechoma insulini

"Wakuu, baba ana kisukari cha siku nyingi na sasa anasafishwa damu. Zamani sukari yake haikushuka chini ya 12, lakini siku hizi usiku anatoka jasho, tukipima tunakuta 3, na dozi ya insulini ni ileile. Ndugu wanasema kisukari kinaisha. Ni kweli?"

Pole sana kwa kuuguza. Kisukari hakijaisha. Insulini anayochoma baba inakaa mwilini muda mrefu kuliko zamani, kwa hiyo yuniti zilezile zilizomtosha mwaka juzi leo zinamzidi. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu hapa Dar es Salaam, na nyumbani Tabata ninamtunza baba mkwe mwenye hali kama ya baba yako, hivyo nitaeleza yale niliyoyaona kote kuwili.

Insulini inayotengenezwa na kongosho hupita kwanza kwenye ini, na ini huondoa karibu nusu yake kabla haijasambaa mwilini. Ile ya sindano haifuati njia hiyo, kwa sababu inatoka chini ya ngozi na kuingia moja kwa moja kwenye mzunguko wa damu, na kazi kubwa ya kuivunja na kuiondoa huwa ni ya figo. Figo zinapoanza kudhoofika, kwa muda mrefu hujikaza na familia haioni tofauti yoyote. Uchujaji ukishafika chini ya mililita 20 hivi kwa dakika, uwezo huo huporomoka, na ndiyo maana watu wengi husema sukari "ilianza kushuka ghafla", ingawa ugonjwa wa figo wenyewe ulikuwapo kwa miaka.

Kuna sababu ya pili ambayo watu hawaielezwi mara nyingi. Mtu akikaa bila kula, hasa usiku, ini na figo ndivyo viungo vinavyotengeneza sukari mpya ya kuuendesha mwili hadi asubuhi. Figo zilizochoka haziwezi tena kutoa mchango huo. Hivyo saa tisa usiku insulini imebaki nyingi, na akiba iliyopaswa kuja kumwokoa mgonjwa ni ndogo. Ongeza kwamba mgonjwa wa figo huchukia chakula, mdomo huwa mchungu na kichefuchefu hakimwishi, kiasi kwamba sahani ya ugali aliyokuwa akiimaliza sasa anaidonoa tu, huku sindano ikichomwa kana kwamba amekula yote.

Baba mkwe alikuwa anatumia insulini ya mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa, yuniti 24 asubuhi na 16 jioni. Kusafishwa damu kwake ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, zamu ya mchana, kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja. Kwa foleni tunazozijua, anafika nyumbani karibu saa mbili usiku, ndipo anachoma na kula. Sehemu ya insulini hiyo inayofanya kazi polepole hufikia kilele saa nne hadi kumi hivi baada ya kuchomwa, maana yake ni kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na kwa mtu asiye na figo huendelea hata baada ya hapo. Usiku mmoja wa Jumatano nilimkuta ameketi kitandani, fulana imelowa mgongoni, anapapasa chini ya mto akitafuta funguo ambazo zilikuwa zimening'inia mlangoni. Mashine ya kupimia sukari ilisoma 3.1. Siku hiyo alipotoka kusafishwa damu alikuwa na 6.4, kabla ya kulala 8.2, namba ambazo mtu yeyote angeziona nzuri na kuzima taa.

Kusafisha damu kwenyewe kuna athari yake. Maji ya dawa yanayopita upande wa pili wa kichujio kwa kawaida huwa na sukari ya takriban 5.5, kwa hiyo mgonjwa aliyeingia na 14 hupoteza sukari kwenda kwenye maji hayo katika saa nne anazokaa. Yapo maji yasiyo na sukari kabisa, na hayo hushusha zaidi, hivyo ni haki yako kuuliza kitengo chenu kinatumia yapi. Wakati huohuo insulini iliyochomwa asubuhi iko kwenye kilele chake, nayo haiondolewi na mashine kiasi cha kutegemewa. Tena, baada ya sumu kupungua kwenye damu, mwili huipokea insulini vizuri zaidi. Kwa sababu hizo mahitaji ya siku ya kusafishwa na usiku unaofuata huwa madogo kuliko ya siku ya mapumziko. Kuna wagonjwa ambao sukari hupanda saa chache baada ya kutoka, na hapo ndipo nawasihi ndugu wasiongeze insulini ya haraka kabla ya kulala ili "kuirekebisha", kwa sababu ile ya kwanza bado haijaisha, na mbili zikikutana usingizini matokeo yake ni kuzimia.

Daktari wa baba mkwe hakubadilisha dozi kwa kukisia. Alitaka kwanza daftari la vipimo. Kwa kuwa stripu ni ghali, tulichagua saa zenye maana badala ya kupima ovyo: asubuhi kabla ya kula, kabla ya kuunganishwa na mashine, baada ya kutoka, kabla ya kulala, na saa tisa usiku kwa zile siku za kusafishwa. Kipimo cha asubuhi peke yake kingetudanganya, maana mara kadhaa alishuka usiku na kufikia asubuhi mwili ulikuwa umejitutumua ukasoma 11, na mtu asiyejua angeongeza dozi ya jioni. Baada ya kuona daftari, daktari alipunguza jumla ya yuniti kutoka 40 hadi 28, yaani 20 asubuhi na 8 jioni. Vipimo vya mchana kwenye mashine vilipoendelea kuwa chini ya 5, asubuhi ya siku za kusafishwa ikawa 14. Madaktari wengi huanzia hapo: kupunguza kama robo uchujaji unapokuwa kati ya 10 na 50, na kama nusu ukishuka chini ya 10, kisha kurekebisha kwa kufuata vipimo. Namba hizi ni za mzee wetu, usizihamishie kwa baba. Mpeleke kwa daktari wake wiki hii, wala usisubiri tarehe ya kliniki. Pia msiache insulini kabisa kwa uamuzi wenu, hasa kama ana kisukari cha aina ya kwanza, kwani hiyo huleta sumu ya asidi kwenye damu.

Jasho la baba ni jambo la kushukuru, kwa sababu wengi hawalipati. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu inayotoa onyo, na dawa za presha kama propranololi na atenololi huzuia moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Kwenye kitengo tunajifunza kutazama mambo mengine: mgonjwa mchangamfu anayenyamaza, anayejibu nje ya swali, anayekasirika bila sababu, au anayelala fofofo katikati ya zamu. Presha ikishuka kwenye mashine dalili hufanana sana na hizo, kwa hiyo tunapima vyote viwili, na nyumbani nanyi pimeni sukari kabla ya kusema amechoka tu na safari. Kidole cha kuchoma kiwe cha mkono usio na fistula, yaani ule mshipa ulioandaliwa kwa kuunganishia mashine.

Sukari ikiwa chini ya 4 na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari au glukosi ya unga katika maji kidogo, kama nusu kikombe. Msikimbilie madafu, ingawa yako kila kona ya mji huu, wala juisi ya machungwa au ndizi, kwa sababu vina potasiamu nyingi, na figo zisizofanya kazi haziwezi kuiondoa. Ikizidi, moyo unaweza kusimama. Pima tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda, mpe chakula kidogo chenye wanga, mathalani vipande viwili vya mkate, halafu pima tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Kwa mtu mwenye figo nzima tukio huwa limekwisha, lakini kwa baba insulini ileile iliyomwangusha bado ipo na inaweza kumwangusha tena kabla ya alfajiri. Akipoteza fahamu msimtie kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mkimbilie hospitali.

Huenda ndugu wanaosema amepona wana karatasi ya HbA1c mkononi. Ya baba mkwe ilirudi 6.1, na nyumba nzima ikafurahi. Kipimo hicho kinahesabu sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu katika maisha yake yote, na kwa mgonjwa wa figo chembe hizo hufa mapema. Alikuwa pia anachomwa erithropoietini, sindano ya kuchochea mwili utengeneze chembe mpya, na alikuwa ameongezewa damu, hivyo nyingi zilikuwa changa ambazo hazijakaa na sukari vya kutosha. Majibu ya 6.1 yanalingana na wastani wa 7 hivi, wakati daftari letu lilionyesha karibu 10, ambayo kwa mtu mwenye damu ya kawaida ingeleta HbA1c ya karibu 8. Tena wastani huo wa 10 ulificha ndani yake usiku wa 3.1 na mchana wa 16. Daktari aliweka lengo la 7 hadi 10 kabla ya kula, akaamua kufuata daftari.

Kitu kimoja hukutaja, nacho ni vidonge. Tafadhali angalia kwenye mfuko wa dawa za baba kama kuna glibenklamaidi, ambayo wazee wengi waliianza zamani na hakuna aliyewaambia waiache. Mabaki yake yanayoendelea kushusha sukari hutoka kwa kutegemea figo pia, na figo zikishindwa hujikusanya. Mgonjwa aliyeshuka kwa sababu ya dawa hiyo anaweza kuendelea kushuka kwa siku nzima au zaidi, hata baada ya kupewa dripu ya glukosi akaamka na kuzungumza, kwa hiyo hapaswi kurudishwa nyumbani saa ileile. Metformini nayo haitakiwi kwa mtu aliyefikia kusafishwa damu, ingawa sababu yake ni nyingine. Ukikuta mojawapo, beba mfuko wote wa dawa pamoja na daftari la vipimo siku mtakapomwona daktari, na uniandikie hapa majina yake leo hii.