Jibu: Difu ya nyuma ya Juke

"Wakuu, fundi hapa Kigoma anasema Juke yangu inapeleka nguvu tofauti tairi la kulia na la kushoto. Ni kweli?"

Mkuu, lala chini uangalie kwanza. Kama hakuna propela inayokwenda nyuma, basi ni ya magurudumu mawili na hilo jambo halina. Juke nyingi za 1.5 ziko hivyo. Ukikuta propela, na swichi ndani imeandikwa 4WD-V, fundi wako yuko sahihi.

Kule nyuma kuna klachi mbili za umeme, kila upande yake. Ukikata kona kushoto, kompyuta inabana zaidi klachi ya kulia, ile ya nje ya kona. Tuseme tairi la kulia linasukuma niutoni 500 zaidi ya kawaida na la kushoto 500 pungufu. Mwendo haubadiliki, lakini kila tairi liko kama mita 0.75 kutoka katikati, kwa hiyo gari linasokotwa kwa niutoni-mita 750 kuelekea kushoto. Pua inaingia kwenye kona bila wewe kuongeza usukani.

Ila nguvu hiyo inatoka kwenye injini. Ukiachia mafuta katikati ya kona, hakuna cha kugawa. Na masika, tairi la nje likiwa juu ya tope jekundu, litazunguka bure tu.

Ukisikia nyuma inatetemeka kwenye kona kali za mwendo mdogo, anza na oili ya difu. Tafadhali usiweke oili yoyote. Fuata kitabu cha gari.